Ahadi Bila Malipo: Historia ya Vizuizi Viwili vya Sheria ya Uingereza

Waswahili husema ahadi ni deni. Majaji wa Uingereza, kwa karne nyingi, hawakukubali. Kwao ahadi ilikuwa deni pale tu aliyeahidiwa alipotoa kitu kwa ajili yake: fedha, mali, kazi, au hata kuacha kufanya jambo alilokuwa na haki ya kulifanya. Kitu hicho ndicho wanasheria wetu wanachokiita malipo halali ya mkataba. Ahadi isiyo na malipo hayo, hata ingetamkwa mbele ya mashahidi kumi, haikuwa mkataba, na aliyeahidi aliweza kuigeuka bila kuulizwa.

Hata hivyo, leo mahakama hizohizo humzuia mtu kuikana ahadi ambayo hakulipwa chochote kwa ajili yake. Humzuia kwa njia mbili. Ya kwanza ni kizuizi cha ahadi, kinachomhusu mtu mwenye haki juu ya mwenzake anayesema hataidai, kisha akageuka. Ya pili ni kizuizi cha mali, kinachomhusu mwenye ardhi anayemwaminisha mwingine kwamba ana haki au atapata haki katika ardhi hiyo. Vizuizi hivi vina asili moja, lakini nguvu zao hazilingani, na sababu ya tofauti hiyo imo katika historia yao.

1602 hadi 1884: Kidogo hakifuti kikubwa

Mwaka 1602 mtu aliyeitwa Pinnel alimshtaki mdeni wake, Cole, akidai paundi 8 na shilingi 10. Cole alijitetea kwamba alikwisha kumlipa Pinnel paundi 5 na ushei kabla ya siku ya deni, na kwamba Pinnel alizipokea kama malipo ya deni zima. Mahakama ilisema maneno yaliyodumu kuliko kesi yenyewe: fedha kidogo, zikilipwa siku ya deni, haziwezi kufuta deni kubwa zaidi. Lakini farasi, kipanga wa kuwindia au joho vingeweza kulifuta, kwa kuwa huenda mdai anakipenda kitu hicho kuliko fedha. Kulipa mapema nako kungetosha, kwa sababu mdai amepata kitu ambacho hakikuwa chake bado.

Kanuni hiyo ilifika Baraza la Malodi mwaka 1884, katika kesi ya Foakes na Beer. Daktari Foakes alidaiwa paundi 2,090 na shilingi 19 kwa hukumu ya mahakama. Bi Julia Beer alikubali kwa maandishi kwamba akilipwa paundi 500 papo hapo, na paundi 150 kila baada ya miezi sita mpaka deni liishe, hatachukua hatua yoyote juu ya hukumu ile. Foakes alilipa lote. Ndipo Bi Beer akadai riba, ambayo kisheria huandamana na deni la hukumu. Malodi walimpa ushindi. Kwa hesabu yao, Foakes alikuwa amelipa tu kile alichopaswa kulipa, tena kwa kuchelewa. Hakuongeza chochote cha kununulia msamaha wa riba. Lodi Blackburn alionyesha wasiwasi, akisema wafanyabiashara wanajua kwamba kupata sehemu ya deni mapema mara nyingi kuna faida kuliko kung'ang'ania lote. Hata hivyo hakuandika hukumu ya kupinga.

Mlango mwingine ulikuwa umefungwa miaka thelathini kabla. Tangu zamani mahakama zilijua kizuizi cha kawaida: aliyemwambia mwenzake kwamba jambo fulani ni kweli, na mwenzake akatenda kwa kuamini hivyo, hawezi kugeuka na kusema si kweli. Mwaka 1854, katika kesi ya Jorden na Money, mwanamke mmoja alikuwa amesema mara nyingi kwamba hatamdai kijana aitwaye Money deni alilokuwa na hati yake, na Money akaoa kwa kutegemea neno hilo. Malodi walio wengi waliamua kwamba kizuizi hufuata maelezo ya jambo lililopo tu, si nia ya jambo lijalo. Kusema "sikudai" kungemfunga. Kusema "sitakudai" hakumfungi. Mtu wa kawaida angeona tofauti hiyo ni nyembamba mno, lakini ndiyo iliyoiacha ahadi tupu bila mlinzi.

1862 hadi 1866: Nyumba juu ya ardhi ya baba

Uingereza wakati ule ilikuwa na mahakama za aina mbili. Mahakama za sheria ya kawaida zilifuata kanuni kwa ukali. Mahakama ya Chansela ilitumia insafu, yaani iliangalia kama dhamiri ya mtu inamruhusu kuitumia haki aliyopewa na sheria. Ardhi ndiyo iliyoipa insafu nafasi yake ya kwanza.

Mwaka 1853 mzee Dillwyn wa Wales alitaka mwanawe aishi karibu naye. Alitia sahihi hati fupi ya kumpa shamba la Hendrefoilan, karibu na Swansea, ili ajenge nyumba. Hati hiyo haikutimiza masharti ya kuhamisha ardhi, na mwana hakuwa amelipa kitu. Akajenga kwa paundi 14,000, baba akiona na kuridhia. Baba alipofariki, ilibainika kwamba wosia wake wa zamani uliigawa ardhi hiyo kwa namna nyingine. Jaji wa kwanza alimpa mwana haki ya kukaa maisha yake tu. Mwaka 1862 Lodi Westbury alimpa umiliki kamili, kwa hoja kwamba hakuna mtu anayejenga nyumba ya thamani ile ili awe mpangaji wa maisha yake peke yake.

Hapa ndipo jambo kubwa lilipoingia. Zawadi ya baba ilikuwa tupu siku ilipotolewa. Kilichoipa nguvu ni kile ambacho mwana alikifanya baadaye, baba akijua. Mwaka 1866, katika kesi ya wapangaji wa Huddersfield waliojenga kwenye ardhi ya Sir John Ramsden wakitumaini kupewa pango refu, wapangaji walishindwa. Lakini maneno ya Lodi Kingsdown, aliyepinga uamuzi wa wenzake, ndiyo yaliyokuja kuwa msingi: mwenye ardhi akimjengea mtu matumaini ya kupata haki, na mtu huyo akatumia fedha zake kwa matumaini hayo, insafu itamlazimisha mwenye ardhi kuyatimiza.

1877: Miezi sita ya Euston Road

Upande wa mikataba ulichelewa, na ulipoamka uliamkia katika kesi ya pango. Hughes alikuwa mwenye nyumba kadhaa za Euston Road, London, zilizopangishwa kwa kampuni ya reli ya Metropolitan. Oktoba 1874 aliipa kampuni notisi ya miezi sita ifanye ukarabati, la sivyo ingepoteza pango. Novemba, pande mbili zikaanza mazungumzo ya kampuni kumuuzia Hughes haki yake ya pango, na kampuni ikasema itasimamisha ukarabati wakati mazungumzo yanaendelea. Mwisho wa Desemba mazungumzo yakavunjika. Miezi sita ilipotimia tangu notisi ya kwanza, Hughes akadai nyumba zake.

Malodi walikataa. Lodi Cairns alieleza kwamba ikiwa watu wenye mkataba wataingia katika mwenendo unaomfanya mmoja wao aamini kwamba haki kali za mkataba hazitatumika, au zitasimama kwa muda, mwenye haki hizo hataruhusiwa kuzitumia pale ambapo kufanya hivyo ni dhuluma kwa kuzingatia yaliyopita kati yao. Miezi sita ilihesabiwa upya tangu mazungumzo yalipovunjika, na kampuni ilikarabati ndani ya muda huo.

Hughes hakupoteza haki ya kudai ukarabati. Alizuiwa kuitumia katika kipindi ambacho yeye mwenyewe aliifanya kampuni ilegee. Kizuizi cha ahadi kimebaki na alama hiyo ya kuzaliwa hadi leo.

1947: Hukumu ya High Trees

Kwa miaka sabini hukumu ya Hughes ilikaa kando, ikidhaniwa ni ya mambo ya pango na kunyang'anywa nyumba. Aliyeichukua na kuifanya kanuni ya jumla ni Alfred Denning, jaji aliyekuwa ameingia Mahakama Kuu miaka michache tu kabla.

Mwaka 1937 kampuni ya Central London Property Trust ilikodisha jengo la fleti kwa kampuni yake tanzu, High Trees House, kwa miaka 99, kodi ikiwa paundi 2,500 kwa mwaka. Vita vikazuka, watu wakahama London, na fleti nyingi zikakosa wapangaji. Januari 1940 mwenye jengo aliandika kwamba kodi itapunguzwa hadi paundi 1,250. High Trees haikutoa chochote kwa ajili ya punguzo hilo, na hakuna muda uliotajwa. Mwanzoni mwa 1945 fleti zikawa zimejaa, lakini nusu kodi ikaendelea kulipwa. Mpokeaji mali aliyeteuliwa na wakopeshaji wa kampuni kuu akasoma mkataba, akaona paundi 2,500, na kufungua kesi ya majaribio akidai paundi 625, yaani pengo la robo mbili za mwisho za mwaka 1945.

Denning alimpa paundi hizo, kwa sababu punguzo lilikusudiwa hali ya vita, na hali hiyo ilikuwa imekwisha. Kisha akaongeza jambo ambalo kesi haikumlazimu kulisema: kama mwenye jengo angedai tofauti ya miaka ya vita, angezuiwa. Ahadi iliyotolewa ili ifuatwe, aliyeahidi akijua itafuatwa, na kweli ikafuatwa, humfunga aliyeitoa hata bila malipo. Aliikwepa kesi ya Jorden kwa kusema kwamba huko aliyeahidi hakukusudia kujifunga kisheria. Kesi ya Foakes aliikwepa kwa kusema kwamba Malodi hawakuizingatia insafu, ingawa mahakama za sheria na za insafu zilikuwa zimeunganishwa tangu miaka ya 1870.

Punguzo la kodi, basi, halikuwa mkataba mpya. Paundi 2,500 zilibaki ndani ya hati wakati wote. Ahadi iliziba tu kinywa cha mwenye jengo kwa kipindi ambacho mpangaji aliitegemea, na sababu yake ilipokwisha, kinywa kikafunguka.

1951 hadi 1965: Ngao, si upanga

Wengine waliona kwamba sharti la malipo halali limekufa. Miaka minne baadaye Denning mwenyewe, akiwa sasa Mahakama ya Rufani, alilazimika kuwasahihisha. Katika kesi ya Combe, mume alipokuwa akitalikiana na mkewe alimwahidi paundi 100 kwa mwaka. Hakulipa hata mara moja. Baada ya karibu miaka saba mke akadai malimbikizo, na jaji wa kwanza akampa kwa kufuata High Trees. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mume hakumwomba mkewe asiende mahakamani kudai matunzo, kwa hiyo kutokwenda kwake hakukuwa malipo ya ahadi. Na kizuizi, alisema Denning, hakizalishi dai mahali ambapo halikuwapo. Kinamzuia tu mtu kushikilia haki zake za zamani. Jaji Birkett aliukariri msemo wa wakili kwamba kizuizi hiki ni ngao, si upanga.

Mipaka mingine ikafuata. Mwaka 1964 Baraza la Faragha, likiamua rufaa kutoka Nigeria kati ya Ajayi na kampuni ya Briscoe kuhusu malori yaliyonunuliwa kwa mkopo, lilisema aliyeahidi anaweza kurudia haki yake kwa kutoa notisi ya kutosha, isipokuwa pale ambapo mwenzake hawezi tena kurudi alipokuwa. Mwaka uliofuata kampuni ndogo ya mafundi ujenzi ilifika mahakamani. Ilikuwa inadai paundi 482, ikachukua 300 kwa sababu mke wa mdeni alijua ina njaa ya fedha na kuiambia kwamba vinginevyo haitapata kitu. Denning aliwapa mafundi salio lao. Mdeni aliyebana shingo ya mdai wake haji mbele ya insafu kuomba ngao.

1975: Upanga wa ardhi

Upande wa ardhi haukuwa na mpaka huo, na kesi ya Crabb na halmashauri ya Arun ilidhihirisha hivyo. Crabb alikuwa na kiwanja kilichopakana na barabara ya halmashauri. Alitaka kukigawa mara mbili, hivyo alihitaji njia ya pili ya kuingilia. Katika mkutano wa mwaka 1967 mwakilishi wa halmashauri alikubali kimsingi, na halmashauri ikaweka geti mahali hapo. Hakukuwa na hati wala malipo. Crabb akauza kipande cha mbele bila kujiwekea haki ya kupita humo, kwa kuwa aliamini nyuma ana mlango wake. Januari 1969 halmashauri iling'oa geti, ikaziba kwa uzio, na kudai paundi 3,000 ili kufungua. Kipande cha nyuma kikawa hakina pa kuingilia.

Crabb hakuwa anajitetea. Yeye ndiye aliyeshtaki, akiomba haki ambayo hakuwahi kuwa nayo. Mahakama ya Rufani, Denning akiongoza, ilimpa njia, tena bila kulipa kitu, kwa kuwa ardhi yake ilikuwa imekaa bure kwa miaka.

Kwa nini mahakama iliyomnyima mke wa Combe ilimpa Crabb? Mke aliomba fedha za ahadi, na kama angepewa, kila ahadi ingekuwa mkataba na sharti la malipo lingebaki jina. Ardhi ni tofauti kwa mambo mawili. Kwanza, anayejenga au kulima juu ya ardhi ya mwingine, au kuuza mlango wake wa pekee, hawezi kurudi alipokuwa kwa kupewa notisi. Pili, mwenye ardhi anaona. Kila tofali linaloongezwa akiwa kimya linaongeza mali yake na kupunguza ya mwenzake. Notisi iliyomtosha mpangaji wa High Trees isingemtosha Dillwyn.

Australia iliona hoja hiyo inafaa hata nje ya ardhi inayomilikiwa na aliyeahidi. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kesi ya Maher, aliyebomoa jengo lake na kuanza kumjengea mpangaji mtarajiwa, kampuni ya Waltons Stores, huku kampuni ikijua na kunyamaza kuhusu mkataba ambao haijautia sahihi. Kampuni ilizuiwa kujitoa. Uingereza haikufuata njia hiyo. Ngao ilibaki ngao.

2009 hadi 2022: Wana wa mashamba

Kesi za karibuni zimetoka mashambani. David Thorner alifanya kazi karibu miaka thelathini bila mshahara katika shamba la binamu wa baba yake, Peter, huko Somerset. Peter hakuwahi kutamka kwamba atamrithisha. Mwaka 1990 alimpa hati za bima na kusema ni za kulipia kodi ya kifo chake. Alifariki mwaka 2005 bila wosia. Mwaka 2009 Malodi walimpa David shamba, kwa kuwa kati ya watu wawili wasio wasemaji, maneno hayo yalikuwa wazi vya kutosha.

Swali lililobaki lilikuwa kipimo: mwathirika apewe alichoahidiwa, au afidiwe hasara tu? Mahakama ya Juu ililijibu Oktoba 2022. Andrew Guest aliacha shule mwaka 1982 na kufanya kazi kwa ujira mdogo katika shamba la wazazi wake, karibu na Chepstow, kwa zaidi ya miaka thelathini, akiahidiwa sehemu kubwa ya urithi. Wakagombana, na mwaka 2014 akaondolewa katika wosia. Jaji wa kwanza alimpa nusu ya thamani ya biashara na asilimia 40 ya thamani ya ardhi na majengo, baada ya kodi.

Majaji watatu kati ya watano, wakiongozwa na Lodi Briggs, walisema kazi ya mahakama ni kuondoa dhuluma ya kuigeuka ahadi, na njia ya kawaida ya kuiondoa ni kuitimiza, mradi matokeo yasipite kiasi yakilinganishwa na hasara. Ila Andrew aliahidiwa urithi, na wazazi walikuwa bado hai. Wakapewa wachague: waiweke mali katika amana ili aipate baada yao, au wamlipe sasa kwa kukata punguzo la kuwahishiwa. Majaji wawili walipinga, wakitaka kipimo kiwe hasara aliyoipata kwa kuitegemea ahadi.

Vizuizi hivi Afrika Mashariki

Tanzania iliirithi sheria ya mikataba kwa mfano wa ile ya India ya mwaka 1872, ambayo inamruhusu mdai kusamehe deni lote au sehemu yake. Kwa hiyo daktari Foakes wa Dar es Salaam angekuwa na utetezi uliomo ndani ya sheria yenyewe. Kenya inafuata sheria ya kawaida ya Uingereza, na huko kizuizi cha mali kimepata kazi kubwa. Ardhi ya kilimo haiuzwi bila kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na mauzo yasiyo na kibali ni batili. Wauzaji walipokea fedha, wakawaacha wanunuzi wajenge, kisha wakajificha nyuma ya kibali ambacho wao wenyewe hawakukiomba. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ya Kenya, katika kesi ya Macharia Mwangi Maina na wenzake, iliwazuia kwa kutumia kizuizi cha mali pamoja na amana inayotokana na mwenendo. Majaji wengine walitofautiana nayo, na mwaka 2018 mahakama hiyo ikathibitisha msimamo huo katika kesi ya Kitilit.

Hukumu ya karne nne ni hii. Maneno peke yake bado hayamfungi mtu. Kinachomfunga ni kile alichomfanya mwenzake akitende kwa kuyaamini, pale ambapo kumwachia mwenzake hasara hiyo ni dhuluma. Ukisamehewa sehemu ya kodi au deni, fahamu kwamba una ngao, na inaweza kuondolewa kwa notisi. Panga mambo yako kwa kuijua siku hiyo. Ukiahidiwa ardhi, unaweza kuwa na upanga, lakini itakubidi uthibitishe nani aliahidi, nini hasa, ulitumia nini, na kwamba aliona. Kabla ya kuweka tofali la kwanza kwenye kiwanja cha mwingine, dai hati. Kesi ya Guest ilifika mwisho miaka minane baada ya wosia kubadilishwa.